Kila Kivutio na Mwenza Wake wa Ndani

Kikundi cha watu 14 wanaokodi Hiace kutoka Masumbwe kwenda kutembea Mwanza mwezi Desemba hakina nafasi kubwa ya kubadili tarehe. Likizo imeombwa, gari limelipiwa kianzio, vyumba vimeshikwa, watoto wameahidiwa. Jioni ya kuamkia safari, taarifa ya hali ya hewa inasema kutakuwa na mvua na ngurumo. Hapo kikundi hugawanyika. Wapo wanaotaka safari ivunjwe, na wapo wanaosema twende tu, Mungu atasaidia. Wakivunja, wanapoteza fedha. Wakienda bila mpango, huenda siku yao ya pekee jijini wakaimaliza kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, wanatazama televisheni ambayo hata nyumbani ipo. Ushauri wangu ni kwamba njia ya tatu hutengenezwa wiki mbili kabla ya jioni hiyo, na hutengenezwa kwa kalamu na karatasi. Kila mahali pa nje mnapokusudia kwenda pawekewe mwenza wake wa ndani, aliye njia ile ile, anayefikika kwa barabara inayopitika wakati wa mvua, na anayejulikana hufunguliwa saa ngapi.

Nasisitiza neno mwenza kwa sababu orodha nyingi za tahadhari hufeli hapo. Mtu huandika majina matano ya sehemu zenye paa, akatosheka. Siku mvua inaponyesha anagundua kwamba moja iko upande wa pili wa jiji, nyingine hufungwa siku hiyo, ya tatu inahitaji barua ya kuomba ruhusa, na mbili zilizobaki ni maduka. Orodha ya namna hiyo haina msaada, kwa sababu imepangwa kwa kufuata paa peke yake. Mvua hailowanishi vichwa tu. Huharibu barabara, hupunguza saa za mchana zinazotumika, hukata umeme na huwakusanya watu wote chini ya paa chache kwa wakati mmoja. Orodha nzuri ni ile iliyofikiria hayo yote kabla.

Tuanze na utabiri wenyewe, maana wengi huukimbia kabla ya kuusoma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, katika utabiri wake wa kila siku huikusanya mikoa ya Kanda ya Ziwa pamoja: Kagera, Geita, Mwanza, Mara, Simiyu na Shinyanga. Sentensi moja inahusu eneo linaloanzia mpaka wa Rwanda hadi Serengeti. Inaposema "mvua na ngurumo katika maeneo machache na vipindi vya jua", haimaanishi kwamba pale mtakapokuwa patanyesha kutwa nzima. Inamaanisha kwamba ndani ya eneo lile kubwa, sehemu chache zitapata mvua, na hata hizo zitaona jua. "Baadhi ya maeneo" ni zaidi ya hapo, na "maeneo mengi" ni zaidi tena. Mtu aliyepanga safari aisikilize tofauti hiyo, kwa sababu kila kauli ina hatua yake. Maeneo machache na vipindi vya jua: safari inaendelea, mnachobadilisha ni mpangilio wa saa. Maeneo mengi: anzeni siku na wenza wa ndani, na sehemu za nje ndizo zigeuke akiba.

Mbali na utabiri wa kila siku kuna taarifa za hali mbaya ya hewa, ambazo TMA huzitoa kwa siku kadhaa zijazo kwa ngazi na rangi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Hizi si za kupuuza. Angalizo la mvua kubwa likitajwa kwa mkoa mnaokwenda, hoja haiwi tena kulowana, inakuwa barabara na maji yanayokatiza. Likipanda likawa tahadhari, mwenza wa ndani aliye umbali wa saa moja naye hafai, kwa kuwa mtalazimika kumfuata barabarani. Kwa siku hiyo chagueni kitu mnachoweza kukifikia kwa miguu kutoka mlipolala, au ahirisheni. Orodha haikusudiwi kumfanya mtu ashindane na mvua kubwa. Kazi yake ni kuziokoa zile siku nyingi ambazo mvua yake hudumu saa mbili au tatu kisha anga likafunguka.

Siku hizo ni nyingi kwa sababu ya namna mvua ya Kanda ya Ziwa inavyotengenezwa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi. Mawingu ya ngurumo hujijenga bara kuanzia alasiri, ndiyo maana watu wa Masumbwe, Kahama na Shinyanga wamezoea kuona wingu jeusi likisimama baada ya saa 8 mchana na mvua kuanguka jioni. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji ya ziwa hubaki na joto, upepo hutoka kila upande wa pwani kuelekea katikati ya ziwa, na hewa inayokutana huko hupanda. Mvua nyingi za juu ya Ziwa Viktoria huanguka usiku na alfajiri, na miji ya kando ya ziwa inaweza kuamka chini ya mvua ambayo kufikia saa 3 au saa 4 asubuhi imeshapita. Huu si mwendo wa saa ya ukutani. Kuna siku mvua haifuati desturi, hasa mfumo mkubwa wa hali ya hewa unapotanda kanda nzima. Lakini unatosha kutuonyesha jinsi ya kugawa orodha: mkiwa ziwani, mwenza wa ndani huhitajika zaidi asubuhi mapema, na mkiwa bara, huhitajika zaidi alasiri.

Sasa tuichukue safari ile ya Desemba tuipange. Kutoka Masumbwe gari linapitia Kahama, Tinde na Shinyanga hadi Usagara, kwenye lango la Mwanza. Wengine watapendelea kupitia Geita na Sengerema, hasa baada ya Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi kuanza kutumika mwaka 2025 na kuondoa foleni ya kivuko. Njia hiyo nayo huishia Usagara. Jambo hili dogo la ramani lina faida kubwa kwa orodha yetu. Usagara kuna barabara ya lami inayokwepa jiji na kwenda moja kwa moja Kisesa, kwenye barabara ya Musoma, na karibu na Kisesa ndipo ilipo Bujora, makumbusho ya Wasukuma. Anayetoka Masumbwe anaweza kufika Bujora bila kuingia katikati ya Mwanza kabisa. Kwa hiyo Bujora ina uwezo wa kuwa mwenza wa siku mbili: siku ya kufika, iwapo mvua ya alasiri imewakuta njiani, au asubuhi ya siku ya pili, iwapo ziwa limeamka na ngurumo.

Kivutio cha nje ambacho watu wengi wa safari hii huwa nacho moyoni ni Kisiwa cha Saanane. Kilianza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini. Hufikiwa kwa boti kwa muda mfupi tu kutoka upande wa Capri Point. Humo kuna swala, pimbi wanaoota jua juu ya mawe, na miamba ya kupanda ambayo kutoka kileleni unaliona jiji lote. Kila kimoja kati ya hivyo kinategemea anga. Mwamba uliolowa unateleza, pimbi hujificha, na boti haipaswi kuondoka penye ngurumo, hata kama safari yake ni ya dakika chache. Kwa mujibu wa mwendo wa mvua tuliouona, muda wa Saanane uwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wala usiwe alfajiri. Malipo ya hifadhi za TANAPA hufanywa kwa njia ya kielektroniki, kwa hiyo kabla hamjalipa, ulizeni kwa simu kama tarehe au saa inaweza kubadilishwa. La sivyo, subirini asubuhi yenyewe muone anga ndipo mlipe. Fedha iliyokwisha kulipwa ndiyo huwasukuma watu kupanda boti wakati usiofaa.

Mwenza wa Saanane kwa asubuhi ya mvua ni Bujora, na ni vyema kueleza kwa nini ni mwenza kamili, si mahali pa kujibanza tu. Makumbusho haya yalianzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na Wasukuma waliotaka kuhifadhi vitu vyao. Hakuna jengo moja kubwa la ghorofa. Kuna nyumba kadhaa zilizosambaa kwenye uwanja mmoja, na kila moja ina habari yake. Nyumba ya watemi imejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake mna viti, ngoma na vifaa vya utawala vya himaya za Usukuma. Nyumba ya ngoma inaeleza ushindani wa vyama viwili vikubwa vya uchezaji, Bagika na Bagalu, ambao mpaka leo huwafanya watu washindane kwa dawa, mbwembwe na ubunifu ili kuvuta watazamaji upande wao. Humo mtoto atasikia habari za Bayeye, wacheza na nyoka, na Banungule, wawindaji wa nungunungu. Karibu yake kuna kanisa la mviringo lililochukua umbo la nyumba ya Kisukuma. Mtu wa Masumbwe, awe Msukuma au Msumbwa, hakuti vitu vigeni hapo. Anakuta vitu ambavyo bibi yake alivitaja bila kuvionyesha, na mzee mmoja kwenye kikundi anaweza kuongeza maneno ambayo mwongozaji hana.

Lakini nyumba zile zikiwa zimesambaa, kuna jambo la kulipanga. Kati ya nyumba na nyumba mnatembea nje. Kwa mvua nyepesi mwavuli unatosha. Kwa mvua nzito, mwombeni mwongozaji mkae muda mrefu zaidi katika nyumba mliyomo badala ya kukimbizana uwanjani, na mpange nyumba kubwa iwe ya kwanza. Watu 14 wanaweza kutoshea pale ambapo darasa la wanafunzi 60 lingelazimika kugawanyika, nusu ikisubiri nje. Kwa hiyo mwalimu anayepeleka ziara ya shule ahesabu vichwa na paa kwa pamoja. Swali la kuuliza kwa simu ni: "Mvua ikinyesha, watu wangu wote mtawaweka wapi kwa pamoja?" Jibu lake litawasaidia kuliko picha yoyote ya mahali hapo.

Hiyo ndiyo namna ya kumpima mwenza yeyote, na ningependa kila jina kwenye orodha lipitishwe kwenye maswali manne kabla ya kuandikwa kwa wino. La kwanza ni saa na siku: panafunguliwa lini, na nani anashika ufunguo? Makumbusho madogo na makanisa ya kale mara nyingi huwa na mtu mmoja mwenye ufunguo, na Jumapili asubuhi kanisa ni la ibada, si la watalii. La pili ni kipande cha mwisho cha barabara. Lami ya Kahama au Mwanza haina shida, shida huanza pale mnapoiacha. Sehemu nyingi za Shinyanga na Geita zina udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kama ulimbo unapolowa. Hiace iliyobeba watu 14 ikiingia humo mita 200 tu, siku imeisha. Kifusi cha moramu hupitika, mchanga mara nyingi hupitika, mbuga haipitiki. Ulizeni mwenyeji aina ya udongo, wala msitosheke na jibu kwamba "barabara ipo". Na popote barabara inapopita juu ya kijito kwa sakafu ya zege bila daraja la kuinuka, maji yakiwa yanapita juu yake, simameni mpaka yapungue. Vijito vya huku hujaa kwa muda mfupi na hupungua kwa muda mfupi, na kusubiri kwa saa moja kumeokoa magari mengi.

Swali la tatu ni kama jengo lenyewe linaweza kutumika wakati mvua inanyesha. Ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari, mvua ikikaza, halisikiki neno. Mwongozaji atapiga kelele, watu wa nyuma wataanza mazungumzo yao, na maelezo mliyoyalipia yatapotea. Mahali pa namna hiyo pafaa siku ya manyunyu, hapafai siku ya mvua ya mawe. Umeme nao hukatika penye ngurumo, na chumba cha makumbusho chenye madirisha madogo huwa giza. Tochi mbili zenye betri nzuri hutatua hilo, kwa kuwa mwanga wa simu 14 humaliza chaji mnayoihitaji kumpigia dereva. Radi nayo ihesabiwe. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda katika wilaya ya Bukombe, jirani kabisa na wilaya yetu ya Mbogwe. Banda lililo wazi pande zote, kibanda cha nyasi kilicho peke yake uwanjani na mti mkubwa si kinga ya radi, hata kama havivuji. Chagueni jengo imara lenye kuta, bora liwe na mtego wa radi, au kaeni ndani ya gari mkiwa mmefunga vioo. Kabla ya kurudi nje, subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kusikika.

Swali la nne ni ruhusa. Ukanda wetu una vivutio vya ndani ambavyo watu huviandika kwa sababu wamevisikia redioni, bila kuuliza kama mgeni anaingia. Soko la dhahabu la Geita, la kwanza la aina yake nchini lilipofunguliwa mwaka 2019, lina paa na lina jambo la kujifunza. Lakini ni mahali pa biashara ya madini ya thamani, penye ulinzi na wanunuzi wenye leseni. Kikundi kikitokea mlangoni bila kuomba ruhusa kitarudishwa kwenye mvua. Migodi mikubwa, Geita au Mwadui, vivyo hivyo: bila mwaliko wa maandishi, iondoeni kwenye orodha. Na kuna mahali pa kuondoa kabisa, ruhusa iwepo au isiwepo, nayo ni maduara ya wachimbaji wadogo. Mgeni huvutiwa kuona dhahabu inavyotafutwa, na akiona wenyeji wamekaa chini ya turubai mdomoni mwa shimo huhisi hapo pana kivuli. Udongo uliolowa ndio huanguka. Januari 2024, kipindi cha mvua, kifusi kiliua watu 22 katika machimbo ya Ng'alita, wilaya ya Bariadi. Mwenza wa siku ya mvua hawezi kuwa machimboni.

Wapo watakaosema dawa ni rahisi kuliko yote haya: nendeni Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, muache karatasi. Kwa anayeweza, ni ushauri mzuri, na Juni ina neema yake, kwa kuwa ndipo sherehe ya Bulabo hufanyika Bujora na ngoma huchezwa uwanjani. Lakini wengi hawawezi. Likizo ndefu ya shule huangukia Desemba, ndugu walioko mbali hurudi Krismasi, na mkulima huwa na fedha kwa kufuata mauzo yake. Kumwambia mtu wa namna hiyo asubiri kiangazi ni kumwambia asisafiri. Tena kiangazi hakimwondolei mtu haja ya paa: jua la saa 7 mchana juu ya miamba ya Saanane linawachosha wazee na watoto kama mvua inavyowachosha. Karatasi ile ile iliyowaokoa Desemba itawapa kivuli mwezi Agosti.

Wengine watasema utabiri huu wenyewe hukosea, kwa hiyo kupanga kwa kuufuata ni kujisumbua. Nakubali kwamba kauli inayohusu mikoa sita haiwezi kuwaambia kama itanyesha Capri Point saa 5. Ndiyo sababu sishauri orodha inayotegemea utabiri kuwa sahihi. Nashauri orodha inayobaki na faida utabiri ukiwa sahihi au ukikosea. Mkienda Bujora asubuhi kwa hofu ya mvua na mvua isinyeshe, hamjapoteza kitu: mmeona makumbusho, na mchana mnakwenda kisiwani kwenye jua. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya mwenza wa kweli na mahali pa kujikinga. Jiulizeni, "Kama jua lingewaka, tungefurahi kuwa hapa?" Kama jibu ni hapana, tafuteni mwingine.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la kwamba huku kwetu hakuna vya ndani. Mwanza inayo Bujora, anayekwenda mpaka Mara ana makumbusho ya Mwalimu Nyerere kule Butiama, na anayeelekea Tabora ana tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872. Je, mwenye wageni waliokuja Masumbwe kwenyewe, aliyekusudia kuwapeleka milimani na mashambani, awapeleke wapi mvua ikinyesha? Ni kweli hakuna makumbusho. Lakini kuna mambo mawili ya kuanzia. Ushirombo, umbali mfupi kwa barabara ya lami, kuna misheni iliyoanzishwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1891, miongoni mwa misheni za mwanzo katika eneo hili la bara. Kanisa lina paa, kuta na historia. Pigeni simu parokiani siku mbili kabla, ombeni mtu wa kuwasimulia, epukeni saa za misa, na toeni sadaka. Jambo la pili halihitaji hata gari. Wasumbwa walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu, na mmoja wao, Msiri, alikwenda hadi Katanga katika karne ya 19 akaanzisha utawala wa Wayeke, akiwa na nguvu kuanzia shaba hadi pembe za ndovu mpaka alipouawa Desemba 1891. Wageni wengi wanaopita Masumbwe hawajui kwamba historia hiyo ya Kongo ilianzia kwa watu wa huku.

Mzee anayeijua historia ya watemi na safari hizo, aliyeombwa mapema na kwa heshima, kwenye sebule yenye viti vya kutosha na chai, ni kivutio cha ndani cha kweli. Ila aandaliwe kama kivutio. Aambiwe idadi ya wageni, lugha wanayoielewa, na muda, saa moja na nusu ikitosha. Akubaliane nanyi kuhusu posho yake kabla, wala isiwe ahadi ya "tutaangalia". Aulizwe kama ana kitu cha kuonyesha: mkuki, kibuyu, ngoma, picha ya zamani. Kitu kimoja kinachopita mkono kwa mkono huwashika watoto kuliko hotuba. Na ajulishwe wazi kwamba anahitajika mvua inyeshe au isinyeshe, ili asikae akisubiri simu isiyokuja. Mkimwita siku ya mvua tu, mara ya pili hatapatikana.

Kinachobaki ni nani aamue, na lini. Kikundi cha watu 14 kikianza kupiga kura chini ya mvua, saa moja inapotea. Mteueni mtu mmoja kabla ya safari. Kazi yake ni tatu. Saa 2 usiku anasikiliza taarifa ya hali ya hewa baada ya habari, au anaisoma kwenye kurasa za TMA, na kumjulisha dereva mpangilio wa kesho. Saa 12 asubuhi anatazama anga upande wa ziwa au, mkiwa bara, anamuuliza mwenyeji wa kule mnakokwenda mvua ya usiku imeacha nini barabarani. Kisha kabla ya chai kuisha anatangaza: tunaanza nje, au tunaanza ndani. Baada ya hapo hakuna kubadilisha mpaka saa 6 mchana, isipokuwa kwa ngurumo. Wanaobadilisha kila wingu linapopita huishia kuona nusu ya kila kitu.

Karatasi yenyewe haizidi ukurasa mmoja. Kushoto andikeni sehemu ya nje na saa yake nzuri. Kulia andikeni mwenza wake, dakika za kufika kutoka hapo, jina na cheo cha mwenye ufunguo na namba yake ya simu, aina ya barabara ya kipande cha mwisho, na idadi ya watu wanaotoshea. Safu ikikosa hata kimoja kati ya hivyo, huyo si mwenza bado, ni wazo tu, na kabla ya kuondoka Masumbwe kuna muda wa kupiga simu ya kulikamilisha. Kwa safari ya siku mbili, safu tatu zinatosha. Mkirudi, sahihisheni mlichokikuta tofauti, kama saa ya kufungua, hali ya njia au paa lililovuja, kisha mpeni nakala dereva wa Hiace. Yeye ndiye atakayekwenda tena wiki ijayo na kikundi kingine, na ndiye watakayemuuliza mvua ikianza.